Ndama Waliokufa Mara Mbili

Mama Desimali hakuwahi kumwona tandala. Ukimwambia mtu wa nje atadhani unamtania, maana mama huyu alikuwa mtakwimu wa idara ya wanyamapori tangu akiwa msichana mwembamba, na tandala wa kilimani ndio waliomla ujana wake. Alijua katika kila majike mia ni wangapi watauona mwaka ujao. Alijua jike huzaa akiwa na umri gani na ndama wangapi huishia tumboni mwa fisi. Lakini tandala mwenyewe, mwenye masikio na kwato, hawakuwahi kukutana. Magoti yake hayakupatana na vilima, na yeye mwenyewe hakupatana na gari lolote lisilo na milango.

Jina la Desimali alipewa na madereva wa idara. Siku moja dereva alimwambia kuwa ametoka safari ya kilomita arobaini, naye akamuuliza, kwa dhati kabisa, "Arobaini kamili, au arobaini nukta ngapi?" Tangu hapo jina lake la kuzaliwa likabaki kwenye kitambulisho tu. Hata mumewe, fundi cherehani mwenye kibanda chake barabarani, alimwita hivyo alipotaka kumchokoza, na alitaka karibu kila siku.

Kazi yake, ukiivua joho, ilikuwa hivi. Kundi la wanyama si idadi tu. Kundi lina ndama, lina mitamba ambao hawajazaa bado, lina majike wazima, na kila rika lina bahati yake ya kufa na kuzaa. Yeye aliwahesabu majike peke yao, kama ilivyo desturi ya kazi hiyo, kwa kuwa madume hawazai hata ukiwabembeleza. Bahati zile zote alizipanga kwenye jedwali dogo la safu tatu. Ukilichukua kundi la mwaka huu ukalizidisha na jedwali, unapata kundi la mwakani. Ukizidisha tena, unapata la mwaka wa keshokutwa. Na hapo ndipo penye utamu uliomfanya Mama Desimali aipende kazi hii kuliko sinema: hata uanze na kundi la namna gani, ukizidisha miaka michache linatulia kwenye sura moja, ndama kadhaa kwa mitamba kadhaa kwa majike kadhaa, na likishatulia linakua au linapungua kwa kiasi kile kile kila mwaka. Kiasi hicho ndiyo namba kuu ya jedwali. Ikizidi moja, kundi linakua. Ikipungua moja, kundi linaelekea kaburini, hata kama leo linaonekana limenona. Vitabuni namba hiyo huitwa thamani-aigeni kuu, na ile sura huitwa vekta yake. Mama Desimali aliziita mwendo na sura, na wote idarani wakafuata.

Sasa, mwaka huo aliokuwa akistaafu, jedwali la tandala wa kilimani lilimpa mwendo wa sifuri nukta tisa tano. Maana yake, kila mwaka kundi linapoteza watano katika kila mia. Alizipitia hesabu mara tatu, akapeleka ripoti kwa Mkurugenzi, na Mkurugenzi akaipeleka kwenye bodi. Bodi ikaamua mambo kwa haraka ambayo bodi huwa nayo inapoamua vibaya: tandala wote wakamatwe, wapelekwe mabandani kule bondeni wakalelewe, na kichaka cha kilimani kifyekwe, ipandwe miti ya mbao. Malori yalishapangiwa kuja wiki ileile ya Mama Desimali kuagwa.

Ilimuuma, lakini hakuitilia shaka. Namba ni namba, alisema, ukiichukia haibadiliki.

Wenzake walitaka kumpa zawadi ya kumuaga. Aliyepata wazo ni mtafiti wa porini waliyemwita Darubini, kwa sababu darubini haikumtoka shingoni hata akienda kupanga foleni ya chai. Huyu ndiye aliyekuwa akizunguka kichakani na kumletea Mama Desimali takwimu za kuzaa na kufa.

"Mama, shikamoo," alisema asubuhi moja akichungulia mlangoni. "Tumeamua tukupeleke ukawaone."

"Marahaba. Nikawaone akina nani?"

"Wale uliowahesabu maisha yako yote. Kabla hawajabebwa. Gari lina milango, nimehakikisha mwenyewe. Yote minne."

Mama Desimali alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akasema ataenda.

Kibanda cha kujifichia kilikuwa cha mbao, na dirisha lake refu lilitazama bwawa dogo lililopo chini ya kichaka. Walifika jua likiwa linachomoza. Darubini alimtafutia kiti chenye mto, akampa chai ya chupa, akamkataza kupiga chafya. Wakangoja. Halafu kichaka kikapasuka bila sauti, na jike la tandala likatoka, la kijivu lenye mistari myeupe mgongoni, masikio makubwa yakigeuka huku na huku. Nyuma yake, akigusa kabisa paja lake, ndama.

"Wewe!" Mama Desimali alinong'ona. "Kumbe ni mzuri hivi! Mbona hukuniambia?"

"Nilikuletea picha, Mama."

"Picha ni picha, bwana."

Likatoka la pili, na ndama. La tatu, na ndama. Wakaja mitamba wawili peke yao, wakirukaruka kama wanafunzi waliofunguliwa. La nne, na ndama. La tano halikuwa na kitu. La sita, na ndama. Mama Desimali alitabasamu tu kama bibi harusi, lakini mkono wake ulikuwa na tabia yake, na vidole vilikuwa vinahesabu juu ya goti vyenyewe bila kuagizwa. Baada ya saa nzima majike wazima walikuwa wamefika thelathini. Ndama walikuwa ishirini na saba.

Tabasamu likamtoka taratibu.

"Darubini, mwanangu," alisema, bado kwa kunong'ona. "Kwa nini karibu kila mama ana mtoto?"

"Msimu wa kuzaa umeisha juzi tu, Mama. Ndama wametoka mafichoni. Kila mwaka ni hivi."

"Kila mwaka?"

"Kila mwaka, tangu nianze kuja hapa."

Hapa yafaa tumwache Darubini na chai yake tuingie kichwani mwa mama, maana kulikuwa kumechafuka. Jedwali lake lilikuwa na sura yake, na sura hiyo aliijua kama anavyoijua njia ya sokoni: katika kila mia, ndama kumi na saba, mitamba tisa, majike wazima sabini na wanne. Hao ni wa kike tu. Ukirudisha na ndama wa kiume, bado ni mama mmoja mwenye mtoto na mwenzake asiye naye, na hata hiyo nusu haifiki. Na mbele ya macho yake walipita majike thelathini na ndama ishirini na saba. Kama ungekuwa mwaka mmoja wa neema angesema sawa, neema hutokea. Lakini kila mwaka? Kundi lililotulia halivai sura isiyo yake. Kama kundi na jedwali havifanani, basi kuna mmoja anayesema uongo, na tandala hawajui kusema uongo.

"Ile namba ya kuzaa uliyonipa," alisema. "Watoto wa kike ishirini na wawili na nusu kwa kila mama mia."

"Ndiyo, na ulinicheka kuhusu huyo nusu."

"Uliwahesabu lini?"

Darubini alishusha darubini yake. "Wakishatimiza mwaka, Mama. Wakishavuka kiangazi. Kuwahesabu wachanga niliona haina maana, nusu yao hufa kabla ya mwaka. Nikaona nikupe wale waliopona kabisa, nikurahisishie."

Mama Desimali alifumba macho. Akaona kila kitu kwa mara moja, jinsi mtu anavyoona kikombe kikiwa kinaanguka na mkono hauwezi tena kukifikia.

Yeye alidhani hao ni wachanga. Kwa hiyo alipowaingiza kwenye jedwali, aliwakata nusu, kama inavyopasa, kwa ajili ya wale watakaokufa kabla ya kutimiza mwaka. Lakini walikuwa wamekwisha kufa. Darubini alishawatoa. Yeye naye akawatoa tena.

"Mwanangu," alisema, "tumewaua ndama wale wale mara mbili."

Darubini aliduwaa, kisha akaelewa, kisha akashika kichwa. "Mungu wangu. Ni kosa langu. Sikuandika ni wa umri gani."

"Na mimi sikuuliza. Mimi! Ninayemuuliza dereva kilomita arobaini nukta ngapi!" Na hapo, wakiwa wamekatazwa hata kupiga chafya, mama akaangua kicheko cha uchungu kilichowarudisha tandala wote kichakani.

*

Nyumbani alimkuta mumewe mezani, amemwaga kopo la vifungo akitafuta cha nne kinachofanana na vitatu vya koti la mteja. Mama alimweleza yote bila kukaa. Fundi alisikiliza huku akishika kifungo mdomoni.

"Kwa hiyo umekosea," alisema mwishowe.

"Nimekosea."

"Wewe."

"Fundi, usinifurahie."

"Sikufurahii, mke wangu. Nashangaa tu. Nimekaa na wewe miaka yote hii nikidhani nimeoa kipimajoto." Akatoa mdomoni kifungo, kile cha nne cha koti, kimepatikana. "Haya, kosa moja haliachi mke. Tatizo liko wapi? Sema tu umekosea, wawaache wanyama."

"Mkurugenzi atauliza nimejuaje. Ripoti yangu ilisema tandala wanakwisha, na ndege ya idara iliyopita juu ya kichaka imehesabu wachache kuliko mwaka jana na juzi. Nitamwambia nini? Kwamba ndege huona kile kichaka kinachoiruhusu? Kwamba miaka hii miwili majani yamesongana? Ataona najitetea."

"Mimi mwenyewe sijaelewa hiyo sura yako. Kundi linakuwaje na sura?"

Mama aliviangalia vile vifungo, akavuta kiti.

"Vidogo ni ndama," alisema. "Vya kati ni mitamba. Vikubwa ni majike. Panga kundi. Lolote utakalo."

Fundi, ambaye ukaidi ulikuwa dini yake ya pili, akapanga vifungo vidogo mia moja. "Ndama watupu. Tuone sura yako itatoka wapi."

"Vizuri. Mwaka unapita. Nusu wanakufa, nusu wanakuwa mitamba." Akaviondoa mia vidogo, akaweka hamsini vya kati.

"Hamsini! Hawa wamekwisha!"

"Subiri. Mwaka wa pili. Katika mitamba mia, themanini na wawili wanafika utu uzima. Hapa ni arobaini na mmoja. Nao wanazaa, mabinti arobaini na watano kwa kila mama mia, maana wale ishirini na wawili na nusu wa Darubini ni nusu iliyopona. Weka ndama kumi na wanane." Alipanga, akatoa, akaongeza. "Mwaka wa tatu. Majike mia wanabaki themanini na watano. Kwa hiyo hapa thelathini na watano. Ndama tisa wamekuwa mitamba. Wamezaliwa kumi na sita. Mwaka wa nne. Majike thelathini na saba, mitamba wanane, ndama kumi na saba. Hesabu jumla."

Fundi alihesabu. "Sitini na wawili. Walikuwa mia. Mke wangu, wewe ndiye unawamaliza."

"Kwa sababu ulianza na ndama watupu, na ndama hufa. Huo ni mkosi wa mwanzo, si mwendo wa kundi. Angalia mwaka wa tano. Majike thelathini na wanane, mitamba wanane, ndama kumi na saba. Sitini na watatu. Sasa wanapanda, na watapanda hivyo hivyo, watatu katika kila mia, mwaka baada ya mwaka. Na sura yao: ukiwapigia kwa mia, ndama ishirini na saba, mitamba kumi na tatu, majike sitini."

Fundi alikunja uso. Akavikusanya vyote, akapanga vifungo vikubwa sitini peke yake. "Na sasa? Vikongwe watupu."

Mama alimwendesha mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu. Fundi alihesabu mwenyewe, kidole kikigusa kila kifungo, midomo ikicheza. Majike arobaini na sita. Mitamba kumi. Ndama ishirini na mmoja. Akachukua kipande cha chaki ya kupimia nguo, akapiga hesabu ya mia pembeni mwa meza.

"Ishirini na saba," alisema polepole. "Kumi na tatu. Sitini. Shetani!"

"Umeona. Mwanzo unasahaulika, sura inabaki. Jedwali lina namba zake kadhaa, lakini ile kubwa ndiyo inashika usukani na nyingine zinafifia. Ukiliweka lile kosa langu, jedwali lingine kabisa linatoka, linapungua watano kwa mia, na sura yake ni kumi na saba, tisa, sabini na nne. Jumla huko kichakani hakuna anayeijua. Ila sura, yeyote anaweza kuiona bwawani."

Fundi akavirudisha vifungo koponi. Kisha akalisukuma kopo mbele ya mkewe.

"Nenda nalo," alisema. "Ila kile cha nne cha koti kikipotea, utamweleza mteja wewe mwenyewe."

*

Mkurugenzi alikuwa mtu wa heshima na mwili mkubwa, na ofisi yake ilikuwa na kapeti ambayo wengine waliivulia viatu kwa woga. Mama Desimali hakuvua. Alisimama katikati, kopo kwapani, akasema alichokuja kusema kwa sentensi moja: ripoti yangu ina kosa, kosa ni langu, na tandala wasikamatwe.

Mkurugenzi aliinuka akafunga mlango.

"Mama, tafadhali, taratibu. Usimwage mtama kwenye kuku wengi. Malori yanakuja Jumamosi. Bodi imeshapitisha. Na Ijumaa tunakuaga, nina hotuba hapa, imeandikwa hivi..." Akaigonga karatasi mezani. "'Mama asiyekosea.' Nimeisoma mara mbili kwa sauti. Sasa unataka niifanyeje?"

"Ibadilishe, bosi."

"Umekaa hapa tangu mimi nikiwa na nywele. Hukuwahi kukosea hata mara moja. Leo wiki ya mwisho unakosea. Nitajuaje kwamba kosa ni la ripoti, si la leo? Labda huruma imekuingia. Umewaona, wazuri, wana masikio makubwa. Hata mimi wangeniingia."

Swali lilikuwa zuri, na Mama Desimali alilipenda licha ya kwamba lilimchoma. Ndilo angemuuliza mtu mwingine.

"Usiniamini mimi," alisema. "Huna sababu. Waamini wao." Akafungua kopo, akamimina vifungo kwenye kapeti ya heshima, akapiga magoti yake mabovu chini na kupanga mafungu mawili. "Hili ni kundi linalokufa. Ndama kumi na saba, mitamba tisa, majike sabini na wanne. Na hili ni kundi linalokua. Ishirini na saba, kumi na tatu, sitini. Yote ni ya kike, kwa hiyo ndama ukiwaona, wagawe kwa mbili, maana nusu ni wa kiume, na wa rika la mitamba vilevile kama huwezi kutambua madume. Majibu yote mawili nimekupa kabla hujaangalia. Kesho nenda bwawani mwenyewe, bila mimi, bila Darubini. Hesabu. Ukiona fungu hili, lete malori, na mimi nitaagwa nikiwa kimya. Ukiona hili, yarudishe."

"Mimi? Bwawani?"

"Mwenye macho haambiwi tazama, bosi. Lakini hawezi kutazama akiwa ofisini."

Mkurugenzi aliviangalia vifungo vilivyotapakaa kwenye kapeti. Alionekana kama mtu anayetafuta kanuni inayomkataza, na haipati.

"Na kama ni mwaka wa bahati tu?" aliuliza. "Ndama wengi mwaka huu, mwakani hakuna?"

"Ndiyo maana kuna mitamba. Hao ni ndama wa mwaka jana waliopona. Kama mwaka jana ndama walikuwa wachache, mitamba wangekuwa haba leo. Mwaka mmoja unaweza kukudanganya, miwili iliyosimama pamoja ni shida."

Alienda. Habari za safari hiyo zilisimuliwa na dereva, na kila aliposimulia ziliongezeka, kwa hiyo tuchukue zile za mara ya kwanza. Mkurugenzi alikwenda siku mbili mfululizo. Siku ya kwanza alilalamikia kiti, mbu na chai. Siku ya pili hakulalamika. Alikaa akihesabu kwa sauti ya chini, vidole vikiinuka kimoja kimoja, na dereva alipotaka kuuliza kama wanarudi, Mkurugenzi alimpiga jicho akasema, "Nyamaza, yule mwenye sikio lililochanika hajatoka na mtoto wake."

Mama Desimali siku hizo mbili hakula vizuri. Alikuwa na hakika na jedwali, ila hakuwa na hakika na bahati. Kundi halisi halina adabu ya vifungo, huenda asubuhi moja wakaja wenye watoto tu, au wakaja wazee tu. Alimwambia mumewe hivyo, na Fundi, aliyekuwa ameinamia cherehani akishona kitu alichokifunika kila mkewe alipopita, akamjibu kwamba amezoea wateja wasio na adabu na bado nguo huwakaa.

Alhamisi mchana Mkurugenzi aliingia mwenyewe kwenye chumba cha takwimu, viatu vimejaa matope. Hakuketi.

"Ishirini na wanane," alisema. "Kumi na wawili. Sitini."

Mama Desimali alishika ukingo wa meza.

"Nimehesabu siku zote mbili, nimegawa kwa mbili kama ulivyosema, nimepiga kwa mia mwenyewe. Malori nimeyarudisha. Bodi nitakwenda kuikabili mimi, na wakinuna wanune, nitawapeleka bwawani mmoja mmoja." Akatazama matope yake. "Mama, kwa nini hukuninyamazia tu? Ungeondoka na jina lako."

"Wangeondoka na jina langu, bosi. Ndani ya malori."

Mkurugenzi alitikisa kichwa, akatoka. Baada ya kidogo akarudi kuchungulia. "Nilitegemea ishirini na saba," alisema kwa wasiwasi. "Nimepata ishirini na wanane. Ni tatizo?"

"Hapana, bosi," alisema mama, na hapo ndipo machozi yalipomtoka, akiwa anacheka. "Hiyo ni nzuri kabisa. Hata sihitaji desimali."

*

Sherehe ya kumuaga ilifanyika ukumbini Ijumaa, na soda zilitosha, jambo ambalo wazee wa idara hawakulikumbuka kutokea. Mkurugenzi alisoma hotuba ambayo katikati yake palikuwa pamefutwa pakaandikwa upya kwa kalamu. Darubini alisimama akaungama kosa lake mbele ya wote, Mama Desimali akasimama akalidai kuwa ni lake, wakabishana hadharani nani ana haki nalo zaidi mpaka watu wakaomba waligawe kwa mbili.

Kisha Fundi akaitwa. Idara ilikuwa imempa kazi ya siri wiki mbili kabla: ashone kitambaa kikubwa cha kutundikwa ukumbini, chenye maneno KWA HERI MAMA ASIYEKOSEA. Alikuwa amekimaliza siku ile mkewe aliporudi kutoka bwawani. Sasa alipanda jukwaani na kitambaa kimekunjwa kifuani, amekasirika kidogo kama kawaida yake anapoona aibu.

"Kazi hii nililipwa kwa maneno matatu ya kwanza na moja la nne," alisema. "La nne nimelifumua. Mashimo ya sindano yanaonekana, hiyo si ufundi mbaya, ni kitambaa kibaya. Pale lilipokuwa nimeshona kitu kingine ili kuyaziba. Mwenyewe sijawahi kumwona, nimefuata maelezo ya mke wangu."

Wakakifungua. KWA HERI MAMA, kilisema, na chini yake alikuwapo tandala wa kitambaa cha kijivu, mistari myeupe mgongoni, masikio makubwa kupita kiasi, na jicho lake lilikuwa kifungo kikubwa cheusi. Nyuma yake, akigusa kabisa paja lake, ndama. Jicho la ndama lilikuwa kifungo kidogo.

Mama Desimali alikwenda mpaka mbele, magoti yakilalamika, akaligusa lile jicho dogo kwa kidole. Alilijua. Kilikuwa kifungo cha nne cha koti la mteja.

"Fundi," alisema. "Utamwambia nini mwenye koti?"

"Nitamwambia asubiri," alisema mumewe. "Huyu ameshakufa mara mbili, sikutaka afe ya tatu."